Alama ya Kaini: ilikuwa adhabu au ulinzi? Na ilimlinda nani hasa?

MkulimaWaMbozi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Juzi kwenye jumuiya tulisoma Mwanzo sura ya 4, tukafika mstari wa 15 na hatukuendelea tena. Karibu wote walishika kwamba alama aliyotiwa Kaini ni laana, kwamba Mungu alimchafua ili kila amwonaye ajue huyu ni muuaji. Mimi nikawaomba wasome tena maneno yenyewe, maana yanasema alitiwa alama "mtu amwonaye asije akamwua". Kama lengo ni asiuawe, laana inatoka wapi hapo?

Kuna mambo mengine pia yananisumbua. Kaini alimwogopa nani, wakati habari inawataja baba yake na mama yake tu? Na kwa nini Mungu amlinde mtu aliyemwita mdogo wake Habili kondeni akamwua, kisha alipoulizwa akajibu kwa jeuri kwamba yeye si mlinzi wa ndugu yake? Naomba tujibizane kwa maandiko. Mahubiri ninayo ya kutosha.

---

Simba_wa_Rungwe

Mkuu, hapo hakuna fumbo. Alama ni chapa. Ng'ombe akipigwa chapa unajua ni wa nani, na Kaini alipigwa chapa ijulikane ni wa yule mwovu. Nenda 1 Yohana 3:12, Kaini "alikuwa wa yule mwovu". Halafu nenda Ufunuo 13, alama ya mnyama katika mkono wa kuume au kipaji cha uso. Ni alama ile ile, imeanzia kwa Kaini.

---

Mlowezi_Dodoma

Nimefundisha Agano la Kale miaka mingi, kwa hiyo mtanivumilia nikiandika kwa urefu.

Simba, kwenye chapa umegusa jambo la kweli, ila umekosea mwenye ng'ombe. Aliyeweka alama ni BWANA mwenyewe, mstari unamtaja wazi. Ukitafuta ndugu wa karibu wa alama hii, usiende Ufunuo 13, nenda Ezekieli 9. Pale mtu aliyevaa kitani anaambiwa apite katikati ya Yerusalemu atie alama katika vipaji vya nyuso za watu wanaougua kwa ajili ya machukizo ya mji, na wale wenye silaha za kuangamiza wanaagizwa wasimkaribie mtu yeyote mwenye alama. Damu kwenye miimo ya milango kule Misri, Kutoka 12, inafanya kazi hiyo hiyo. Anayepita na kifo mkononi akiiona, anapita.

Sasa turudi kwa Kaini tufuate mpangilio wa mistari, maana mjadala wa jumuiya yenu naona ulikwama kwa kuuruka. Hukumu iko mstari wa 11 na 12: ardhi iliyofumbua kinywa ikainywa damu ya Habili haitampa tena nguvu zake, naye atakuwa mtoro asiye na kikao. Huyu alikuwa mkulima, kwa hiyo amepigwa mahali alipopategemea. Hukumu inaishia hapo na alama bado haijatajwa. Mstari wa 13 na 14 Kaini analalamika kwamba adhabu imemkulia, haichukuliki, na anataja mambo manne: anafukuzwa katika ardhi, atasitirika mbali na uso wa Mungu, atatangatanga, na kila amwonaye atamwua. Ndipo Mungu anajibu. Matatu ya kwanza hayagusi kabisa, yanabaki yalivyo. Anajibu la nne peke yake, na jibu hilo ndilo lenye alama ndani yake.

Tena angalia vizuri jambo hili la nne. Mungu hakuwa ametamka kwamba Kaini auawe. Kaini ndiye aliyeliongeza, kwa sababu alijua mtu asiye na kikao na asiye na ndugu wa kumtetea anaweza kuuawa na yeyote bila mtu kuulizwa. Alama inakata nyongeza hiyo. Atatumikia adhabu aliyopewa, na watu hawana ruhusa ya kumwongezea nyingine.

---

JuaKali_Thika

Asante mwalimu. Lakini alama yenyewe ilikuwa nini? Mimi niliambiwa na mzee mmoja kwamba Kaini alipewa mbwa wa kutembea naye. Wengine wanasema aliota pembe kwenye paji la uso. Hii pembe nimeiona hata kwenye picha za zamani.

---

Mlowezi_Dodoma

Mzee wako hakutunga. Yote mawili yamo katika Bereshit Raba, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi juu ya kitabu cha Mwanzo, na raha yake ni kwamba marabi wenyewe hawakubaliani. Mmoja anasema Mungu aliliangaza jua kwa ajili ya Kaini. Mwingine anamjibu kwa ukali: kwa mwovu kama huyu jua liangazwe? Alimtia ukoma! Rav ndiye anayesema alipewa mbwa, na Aba Yose ndiye mwenye pembe. Baadaye Rashi, yule mfafanuzi wa Ufaransa wa karne ya 11, akasema ni herufi ya jina la Mungu iliyochorwa katika paji la uso.

Ukiyatazama majibu hayo utaona kila mmoja anajibu swali la pili la mwanzisha uzi: alimwogopa nani? Aliyesema mbwa na aliyesema pembe walikuwa wanafikiria wanyama wa porini, na Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, naye anaandika kwamba Kaini aliogopa kuangukia wanyama katika kutangatanga kwake. Wengine wanasema aliwaogopa ndugu zake, kwa kuwa Mwanzo 5:4 inasema Adamu alizaa wana, waume na wake. Kwangu hili la ndugu ndilo lenye uzito. Kisasi kinahitaji mtu mwenye uchungu wa damu, na damu ya Habili ilikuwa ya ndugu.

Kuhusu umbo lake, mwandishi wa Mwanzo hakusema. Wapo wataalamu wanaosoma kwamba Mungu alimwekea Kaini ishara ya kumtuliza moyo, kama Gideoni alivyopewa ishara, wala hakuna kilichochorwa mwilini. Kiebrania kinaruhusu. Ila mimi naona sehemu ya mwisho ya mstari inamtazama yule atakayekutana naye, kwa hiyo lazima kulikuwa na kitu cha kuonekana.

---

MamaShani

Samahani wapendwa kama natoka nje ya mada. Binti yangu ana miaka mitatu, alizaliwa na alama nyekundu kubwa imeshika shavu na jicho la kushoto. Mama mmoja jirani aliniambia mbele za watu kwamba ile ni alama ya Kaini, kuna damu katika ukoo wetu haijalipwa, nikafanyiwe maombi ya kuvunja. Tangu siku hiyo nikitoka naye namfunika kitenge. Nimeona kichwa cha uzi huu nikasema niulize kwa wanaojua. Je, inarithiwa?

---

BintiPangani

Dada yangu, pole sana, na umfunue mtoto wako apate upepo. Mimi ni Mwislamu, lakini nimeisoma hiyo sura yao mara mbili tangu uzi uanze na sijaona neno lolote la mtoto kurithi. Alama alitiwa mtu mmoja kwa kosa lake mwenyewe, tena akiwa mtu mzima. Mtoto wako hajatenda neno.

Alama nyekundu ya kuzaliwa ni mishipa midogo ya damu chini ya ngozi. Nyingine hufifia zenyewe, nyingine hubaki. Ila ikiwa imeshika kope na eneo la jicho, mpeleke hospitali wampime jicho, maana wengine hupata presha ya jicho. Mwambie daktari hasa neno hilo, jicho, na kama amewahi kupata degedege mweleze pia. Hayo maombi ya kuvunja damu achana nayo.

---

MamaShani

Degedege hajawahi. Jicho hatujawahi kupima. Nitampeleka wiki hii. Mungu akubariki dada.

---

Mlowezi_Dodoma

Mama Shani, naongeza moja upande wa maandiko ili ukikutana tena na jirani uwe na la kumwambia. Wana wa Kaini wanatajwa katika sura hiyo hiyo: Henoko, Iradi, hadi Yabali mfugaji, Yubali wa kinubi na zeze, na Tubal-kaini mfua shaba na chuma. Hakuna hata mmoja anayesemwa kuwa na alama.

---

BintiPangani

Kwetu habari iko katika Suratul Maida, aya ya 27 hadi 32. Qur'ani haiwataji majina, inasema wana wawili wa Adamu, ndio tunaowajua kama Kabili na Habili. Alama haimo. Badala yake kuna kunguru. Allah anamleta kunguru anafukua ardhi, yule muuaji anaona namna ya kuisitiri maiti ya nduguye, anasema ole wangu, nimeshindwa hata kuwa kama kunguru huyu? Akawa miongoni mwa wenye kujuta.

Kwa hiyo sisi tunaambiwa Allah alishughulika na maiti ya aliyeuawa, istirike. Ninyi mnaambiwa alishughulika na aliyeua. Halafu mara tu baada ya kunguru inakuja ile aya kwamba waliandikiwa Wana wa Israili: anayeua nafsi moja pasipo haki ni kama ameua watu wote, na anayeihuisha moja ni kama amewahuisha wote. Nauliza tu, kwenu Habili alizikwa na nani? Mbona hiyo alama imechukua mazungumzo yote na marehemu hatajwi?

---

Afande_Mstaafu

Binti umeuliza swali lililokuwa linanikereketa tangu ukurasa wa kwanza. Habili hasemi neno hata moja katika sura nzima, damu yake ndiyo inayolia kutoka katika ardhi. Halafu anayepewa ulinzi ni aliyeimwaga!

Nimefanya kazi ya upolisi hadi kustaafu. Nimeokota maiti za watu waliouawa na wananchi wenye hasira kali, wengine baadaye ikajulikana hawakuiba chochote. Kwa hiyo kama alama maana yake ni kuzuia kila mtu kujichukulia sheria mkononi, naiunga mkono kwa mikono miwili. Lakini msitugeuzie ikawa Mungu anamhurumia muuaji. Mwanzo 9:6 inasema atakayemwaga damu ya mwanadamu, damu yake itamwagwa na mwanadamu. Na Hesabu 35:31 inakataza kabisa kupokea ukombozi kwa uhai wa mwuaji aliyepasiwa kufa. Kaini aliua kwa kukusudia, alionywa kabla, mstari wa 7 upo. Kwa sheria yao wenyewe alistahili kufa.

---

Mlowezi_Dodoma

Afande, hoja yako ni nzito na sitaikwepa. Naomba tu niweke mezani kesi nyingine iliyomo ndani ya Biblia, karibu pacha ya hii, inayoonyesha watu wa kale waliona nini kiko hatarini pale.

Ni 2 Samweli 14. Mwanamke wa Tekoa anaingia kwa mfalme Daudi amevaa nguo za matanga. Anasema yeye ni mjane, alikuwa na wana wawili, wakagombana kondeni, hapakuwa na mtu wa kuwaamua, mmoja akampiga mwenzake akamwua. Umeona? Ndugu wawili, kondeni, hakuna shahidi. Ukoo wote umemwinukia wanataka amtoe yule aliyebaki auawe kwa ajili ya ndugu yake. Mama analia kwamba wakifanya hivyo watazima kaa lake lililosalia, na mume wake hatabaki na jina wala masalio juu ya nchi.

Daudi kwanza anamjibu kama ofisi zote zinavyojibu: nenda nyumbani, nitatoa agizo juu yako. Mama haondoki. Mfalme anaongeza: yeyote atakayekusemesha, mlete kwangu. Bado mama hatosheki, anataka mfalme amkumbuke BWANA Mungu wake ili mlipiza kisasi wa damu asizidi kuharibu. Hapo ndipo Daudi anaapa kwamba hautaanguka chini hata unywele mmoja wa mwanawe. Ona alivyombana hatua kwa hatua. Ahadi ya jumla haikumtosha, alitaka neno ambalo mwenye hasira akilisikia ajue akimgusa kijana amemgusa mfalme. Neno la Mungu juu ya atakayemwua Kaini, "atalipizwa kisasi mara saba", ni la aina hiyo, na alama ni namna ya kumfanya mgeni njiani alijue bila kuambiwa.

Sasa nani analindwa? Kijana, ndiyo. Lakini mama haombi kwa sababu kijana ni mwema, hamtetei hata kidogo. Anasema watanifanya nipoteze wawili. Ukiisoma Mwanzo 4 ukiwa umetoka 2 Samweli 14, unamwona Hawa, ambaye hakuna aliyemtaja tangu uzi uanze. Ana wana wawili, mmoja yuko ardhini. Na mwenye haki ya kulipiza kisasi angekuwa nani? Adamu mwenyewe, au mmoja wa watoto wake waliokuja baadaye. Yaani damu ya Habili ingelipwa na nyumba ile ile iliyomwagikwa. Kwangu hiki ndicho kilichokuwa kinalindwa: nyumba hiyo isijimalize yenyewe kwa jina la haki.

---

Afande_Mstaafu

Mwalimu, nimeifungua sura nikaisoma yote. Mbona hukusema kwamba yule mwanamke alitumwa? Mstari wa 2 na 3, Yoabu, jemadari wa Daudi, alimtafuta, akamwambia ajifanye mwenye matanga, akamtia maneno kinywani. Hapakuwa na wana wawili wala mjane. Ilikuwa njama ya kumrudisha Absalomu aliyemwua ndugu yake Amnoni. Na Daudi akamrudisha, na kilichofuata? Absalomu akampindua baba yake, na katika vita ya msitu wa Efraimu wakaanguka watu 20,000 kwa siku moja, 2 Samweli 18:7. Huo ndio ulinzi wa muuaji. Ungeniita mimi shahidi wa upande wa mashtaka ningeleta sura hiyo hiyo.

---

JuaKali_Thika

Hapo Afande amekupata, mwalimu 😀

---

Mlowezi_Dodoma

Amenipata, na sehemu hiyo sina jibu la kuifunga. Nitasema ninachokiona tu. Daudi alimrudisha Absalomu lakini akaagiza asiuone uso wake, na mstari wa 28 unasema alikaa Yerusalemu miaka miwili mizima bila kumwona mfalme. Kaini naye alilindwa asiuawe huku akitoka mbele za uso wa BWANA. Wote wawili wamepewa uhai bila kupatanishwa na mtu. Absalomu alichoma shamba la shayiri la Yoabu ndipo akasikilizwa. Alama inaweza kuzuia panga. Haiwezi kumrudisha mtu mezani kwa watu aliowaumiza, na sura ya 4 haidai kwamba inaweza.

Kuhusu Mwanzo 9:6 na Hesabu 35, ni kweli ziko hivyo, na miji ya makimbilio iliwekwa kwa aliyeua pasipo kukusudia. Kumbukumbu 19:11-12 inasema aliyemwotea jirani yake akamwua, wazee wa mji wake wamtoe hata huko alikokimbilia. Lakini angalia: wazee, mashahidi, mji. Kaini hakuwa na hata kimoja cha hivyo. Aliogopa "kila anionaye", na huyo si mahakama.

---

Mtembezi_Bukavu

Nimechelewa kufika, naomba kuuliza lililonikaa tangu shule. Kitambo nilisikia kuna wazungu walifundisha kwamba alama ya Kaini ni ngozi nyeusi, yaani sisi. Ni kweli lilifundishwa, au ni maneno ya vijiweni tu?

---

Simba_wa_Rungwe

Hiyo ni laana ya Hamu mwana wa Nuhu, siyo Kaini.

---

Mlowezi_Dodoma

Yalikuwa mafundisho mawili tofauti, yakachanganywa na watu waliokuwa wanatafuta kibali cha utumwa. La Hamu nalo halisimami, kwa sababu Mwanzo 9:25 aliyelaaniwa ni Kanaani mwana wa Hamu, na ngozi haitajwi kabisa.

La Kaini lilifundishwa kweli huko Marekani. Mwaka 1852 Brigham Young, kiongozi wa Wamormoni, alilitangaza mbele ya bunge la Utah, na wanaume weusi wakanyimwa ukuhani katika kanisa hilo hadi mwaka 1978. Kanisa hilo lenyewe baadaye limeandika kwamba linayakana maelezo hayo ya zamani.

Uovu wake unaonekana ukiuweka mbele ya mstari. Alama iliyowekwa mtu asiuawe, wao wakaifanya sababu ya kumfunga minyororo. Na hata hesabu ya ukoo inawakataa: kwa masimulizi ya Mwanzo, waliovuka gharika ni nyumba ya Nuhu, na Nuhu ametoka kwa Sethi, mwana mwingine wa Adamu.

---

Mtembezi_Bukavu

Asante sana mwalimu. Hiyo ya Sethi sikuwahi kuambiwa na mtu.

---

MkulimaWaMbozi

Wakuu nimekuwa shambani, nimerudi nakuta mmeniachia darasa. Nina moja tu. Mara saba. Kama shabaha ni kusimamisha kisasi, kwa nini Mungu atishe kwa kisasi kikubwa zaidi? Na Lameki mbele kidogo, mstari wa 23 na 24, anajisifu kwa wake zake Ada na Sila kwamba ameua mtu aliyemjeruhi, na kama Kaini analipiwa mara saba basi Lameki mara sabini na saba. Yaani kizazi cha sita kutoka kwa Kaini, ulinzi umeshageuka silaha.

---

BintiPangani

Hilo la Lameki limenishtua na mimi. Kaini aliambiwa na Mungu. Lameki kajipa mwenyewe, wala hajasimama mbele ya yeyote kuulizwa. Na sisi tuna hadithi sahihi kwamba haiuawi nafsi kwa dhuluma ila mwana wa kwanza wa Adamu hubeba fungu la damu yake, kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza kuanzisha mwendo huo. Kwa hiyo upande wetu huyo mtu hakusalimika hata kama hakuuawa.

---

Afande_Mstaafu

Kitisho kikubwa ndicho kinachomzuia mtu, Mkulima. Hata kazini ilikuwa hivyo, kosa la kumdhuru mtuhumiwa aliye mikononi mwa dola lilitakiwa liogopwe kuliko mengine. Tatizo ni yule anayekiona kitisho hicho akakitamani kiwe chake. Lameki namwelewa, nimeshakamata wa aina yake. Bado nasema Habili hakutendewa haki, na hakuna aliyenionyesha mstari.

---

Mlowezi_Dodoma

Mstari nilionao ni wa 25. Hawa anazaa tena, anamwita Sethi, anasema Mungu amemwekea uzao mwingine mahali pa Habili, kwa sababu Kaini alimwua. Anamtaja aliyeuawa kwa jina na aliyeua kwa jina. Najua hautakutosha, Afande.

---

Afande_Mstaafu

Hautoshi. Lakini nimeuona.

---

MkulimaWaMbozi

Wiki ijayo ni zamu yangu kuchagua somo la jumuiya, nimeamua 2 Samweli 14. Mwalimu, nianzie wapi ili wasipotee?

---

Mlowezi_Dodoma

Anza sura ya 13, hata kama itawachukua jioni mbili. Bila kusikia Tamari, dada yake Absalomu, alichotendwa na Amnoni, na jinsi Daudi alivyokasirika bila kufanya kitu, watu wako watadhani Absalomu aliua tu kwa ukatili. Na mwombe mwanamke asome maneno ya yule wa Tekoa.